Alipimwa moyo, akaambiwa hana neno
Kwa nini mashambulio mengi ya moyo hutokea kwenye mishipa ambayo haikuwa imebanwa sana

Tuliokwisha kukaa misibani tunaijua kauli hii. Marehemu amekwisha kuzikwa, watu wamekaa mkekani, na mmoja wa jamaa anasema kwa sauti ya chini: "Lakini mwezi uliopita alipimwa moyo, akaambiwa hana neno." Hapo kila mtu huanza kutafuta sababu. Wa kwanza humlaumu daktari, wa pili husema mashine ilikuwa mbovu, na wa tatu hunong'ona kwamba pana mkono wa mtu. Mjane, naye yumo ndani katika eda yake, huyasikia yote hayo, na hubaki akijiuliza kama kulikuwa na jambo ambalo angeweza kulifanya.

Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba mara nyingi daktari hakudanganya, wala mashine haikuwa mbovu. Kipimo kiliulizwa swali moja, nacho kikalijibu vizuri: je, damu inapita ya kutosha? Swali la pili hakikuulizwa, wala hakikuwa na uwezo wa kulijibu: je, ukuta wa mshipa ni imara? Maswali hayo mawili hayafanani, na wengi wetu tumekuwa tukidhani kuwa ni moja.

Siku 45 baada ya kipimo

Kisa kinachojulikana sana katika jambo hili ni cha Tim Russert, mwandishi wa habari wa Marekani aliyeongoza kwa miaka mingi kipindi cha mahojiano ya siasa katika televisheni ya NBC. Alikuwa na umri wa miaka 58. Madaktari wake walijua kwamba mishipa ya moyo wake ilikuwa na ugonjwa, ingawa hakuwa akisikia maumivu yoyote, naye alikuwa akitumia dawa na kufanya mazoezi. Tarehe 29 Aprili 2008 alipimwa moyo akiwa anakimbia juu ya mashine, na kipimo kikaenda vizuri. Tarehe 13 Juni mwaka huo huo, yaani siku 45 baadaye, alianguka akiwa kazini mjini Washington, akafa.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kilichotokea. Donge la mafuta lililokuwa ndani ya ukuta wa mshipa mmoja wa moyo lilipasuka, damu ikaganda juu ya mpasuko ule, na njia ikaziba ghafla. Mshipa wenyewe ni ule mkubwa unaoshuka upande wa mbele wa moyo, ambao hulisha sehemu kubwa ya msuli wa upande wa kushoto. Watu wengi wa Marekani waliuliza swali lile lile tunalolisikia misibani kwetu: aliwezaje kufa kwa moyo mtu aliyefaulu kipimo cha moyo wiki sita tu nyuma?

Kipimo kinaona nini

Ili kulijibu swali hilo, tuanze na kipimo chenyewe. Mgonjwa hubandikwa nyaya kifuani, akapandishwa kwenye mkanda unaozunguka, na kasi ikaongezwa kidogo kidogo. Moyo unapofanya kazi kubwa huhitaji damu nyingi zaidi. Ikiwa mshipa mmojawapo umebanwa mno, damu haitatosha, na msuli wa moyo utaonyesha dhiki yake katika michoro ya umeme, au mgonjwa atasikia kifua kikimbana. Kwa hiyo kipimo hiki hugundua mshipa unaoshindwa kupitisha damu wakati wa kazi.

Lakini mishipa ya moyo ina akiba kubwa. Mtu akiwa ametulia, damu huendelea kutosha hata pale njia inapokuwa imebanwa sana. Akikimbia, upungufu huanza kuonekana wazi pale upana wa njia unapokuwa umepungua kwa asilimia 70 hivi. Tuchukue mfano wa mshipa wenye upana wa milimita 3. Ukibanwa kwa asilimia 40, hubaki na njia ya milimita 1.8. Kwa kawaida njia hiyo hupitisha damu ya kutosha, na mwenye nayo hupanda ngazi, hubeba magunia na kukimbia juu ya mkanda bila kuhisi chochote. Kipimo chake kitatoka safi, na majibu hayo yatakuwa ya kweli.

Tatizo ni kwamba asilimia 40 ile haituambii ukuta uliovimba una nini ndani yake.

Jipu ndani ya ukuta

Wengi wetu huufikiria mshipa kuwa ni bomba la maji, na mafuta kuwa ni uchafu unaoganda ndani ya bomba hadi likaziba. Picha hiyo ndiyo iliyotupoteza. Mafuta hayabandiki juu ya ukuta wa mshipa. Huingia ndani ya ukuta, chini ya utando wake wa juu kabisa, nayo hukaa humo kama usaha unavyokaa ndani ya jipu.

Safari huanza pale lehemu mbaya, yaani ile kolesteroli iletayo madhara, inapokuwa nyingi katika damu. Sehemu yake hupenya utando wa mshipa na kunaswa ndani ya ukuta, na humo hubadilika. Mwili huiona kama kitu kigeni, ukatuma chembe nyeupe za damu kuja kuisafisha. Miongoni mwake zimo chembe walaji, ambazo kazi yake ni kumeza taka. Chembe hizo humeza mafuta hadi zikajaa, kisha nyingi hufia pale pale. Mabaki yake huongezeka juu ya mafuta yaliyokuwapo, na katikati ya ukuta hujengeka donge laini lenye mafuta na chembe zilizokufa. Madaktari huliita plaki.

Mwili hujaribu kulifungia donge hilo kwa kulifunika. Seli za misuli za ukuta wa mshipa hufuma nyuzi imara za kolajeni, aina ile ile ya nyuzi zinazoipa ngozi na kano nguvu zake, na nyuzi hizo hutandazwa kati ya donge na damu inayopita. Hicho ndicho kifuniko. Kikiwa kinene na kizima, mtu anaweza kuishi miaka mingi na plaki yake bila kupatwa na madhara.

Lipo jambo jingine lililochelewa kufahamika. Mwaka 1987 daktari wa Marekani, Seymour Glagov, na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa mioyo ya watu waliokwisha kufa. Waligundua kwamba plaki inapokua, mshipa hutanuka kuelekea nje ili kuilinda njia ya damu. Njia haianzi kubanika hadi plaki iwe imechukua kiasi cha asilimia 40 ya eneo la ndani la mshipa. Mtu anaweza basi kuwa na donge kubwa ukutani ilhali picha ya njia ya damu inaonyesha pamebanika kidogo tu. Picha inayopigwa kwa kuingiza rangi kwenye mishipa, kama inavyofanyika katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na katika hospitali nyingine za moyo duniani, huonyesha kivuli cha njia. Ukuta wenyewe hauonekani humo.

Kifuniko kinapoliwa

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Plaki ya hatari zaidi kupasuka ni ile yenye donge kubwa la mafuta na kifuniko chembamba. Wachunguzi waliopima mishipa ya watu waliokufa ghafla waliona kwamba vifuniko vilivyopasuka kwa kawaida vilikuwa na unene usiozidi maikromita 65, yaani sehemu 65 za milimita iliyogawanywa mara elfu moja. Huo ni unene unaokaribiana na wa unywele mmoja. Ni unywele huo ndio unaotenganisha damu inayopita kwa nguvu na donge lililo chini yake.

Kinachokifanya kifuniko kiwe chembamba ni ile hali ya mwili kupigana ambayo madaktari huiita inflamesheni. Kila mtu anaijua kwa nje: mwiba ukikuchoma kidole, mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Chembe nyeupe zimekuja kazini. Kidole hupona baada ya siku chache kwa sababu mwiba hutoka. Ndani ya mshipa, lehemu inaendelea kuingia kila siku, kwa hiyo vita havina mwisho, na silaha zake huanza kuijeruhi nyumba yenyewe.

Jeraha hilo huja kwa njia mbili. Kwanza, chembe walaji hutoa vimeng'enya vinavyokata nyuzi za kolajeni, na vimeng'enya hivyo hukila kifuniko kutoka chini. Pili, chembe nyeupe za aina nyingine hutoa ishara zinazozizuia seli za misuli kufuma nyuzi mpya, na baadhi ya seli hizo hufa. Ni sawa na makuti ya paa yanayoliwa na wadudu wakati fundi naye amezuiwa kuleta makuti mapya. Sehemu dhaifu zaidi mara nyingi ni pembeni, pale kifuniko kinapoungana na ukuta mzima, kwa kuwa chembe walaji hukusanyika hapo na nguvu ya damu huvuta hapo.

Halafu huja siku ambayo shinikizo la damu hupanda kwa ghafla. Huenda ni hasira kali, huenda ni kazi nzito kwa mtu asiyeizoea, huenda ni saa za asubuhi ambapo mwili unaamka na shinikizo linapanda lenyewe. Mara nyingine hapatikani kisababishi chochote. Kifuniko hupasuka, na donge hukutana na damu. Donge hilo lina vitu vinavyoiamuru damu igande. Chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuziba majeraha, hukimbilia pale kana kwamba mtu amekatwa kisu, na kwa dakika chache bonge la damu linaweza kuijaza njia ya milimita 1.8 iliyokuwa ikitosha. Mshipa uliokuwa umebanwa kwa asilimia 40 saa mbili asubuhi unaweza kuwa umeziba wote saa mbili na robo.

Si kila mpasuko huishia hivyo. Mipasuko mingi hupona kimya kimya, bonge dogo likageuka kuwa kovu, na mwenye mshipa asijue kabisa. Ila kila kovu huongeza unene, na hiyo ni njia mojawapo ya mshipa kubanika kwa hatua. Tuongeze pia kwamba si kila shambulio hutokana na kupasuka. Katika sehemu kubwa ya mashambulio kifuniko huwa kizima, lakini utando wake wa juu umechubuka, na damu hugandia pale penye mchubuko. Hali hiyo huonekana zaidi kwa wanawake wasio wazee na kwa wavutaji wa sigara.

Ushahidi, na tahadhari yake

Mwaka 1988 Dakta William Little na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi mdogo uliobadili fikra za wengi. Walikuwa na wagonjwa 29 waliopigwa picha ya mishipa ya moyo, kisha baadaye wakapata shambulio na kupigwa picha tena, na picha ya pili ikaonyesha mshipa mpya ulioziba. Waliporudi kutazama picha ya kwanza, waliona kwamba katika wagonjwa 19 kati ya hao, mshipa uliokuja kuziba ulikuwa umebanwa kwa chini ya asilimia 50. Katika wagonjwa 28 kati ya 29, ulikuwa chini ya asilimia 70. Kwa maneno mengine, mgonjwa mmoja tu ndiye aliyeangushwa na mahali ambapo daktari angepanyoshea kidole mapema.

Hata hivyo ushahidi huo usomwe kwa uangalifu. Baadhi ya picha za kwanza zilipigwa muda mrefu kabla ya shambulio, na plaki huweza kukua katika muda huo. Tena, haina maana kwamba mshipa uliobanwa sana ni salama. Tukilinganisha plaki moja na nyingine, iliyobana sana ndiyo yenye hatari zaidi. Suala ni idadi. Tuseme, kwa hesabu ya mfano tu, mtu ana mahali pawili palipobanwa mno, na mahali ishirini palipobanwa kiasi. Ikiwa kila pale pawili pana hatari mara tatu ya kila mahali pa wale ishirini, basi pawili patakuwa na fungu 6 za hatari, na ishirini patakuwa na fungu 20. Shambulio lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka kwenye kundi la pili, ingawa hakuna hata mahali pamoja katika kundi hilo panapotisha pakitazamwa peke yake.

Kwamba inflamesheni yenyewe ni mshiriki katika jambo hili kulithibitishwa mwaka 2017, yalipotolewa matokeo ya jaribio lililoitwa CANTOS. Watu zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo, ambao damu yao ilionyesha dalili za inflamesheni, walipewa ama sindano ya dawa ya kuipunguza au sindano isiyo na dawa. Dawa hiyo haikushusha lehemu mbaya. Hata hivyo, kwa waliopewa miligramu 150 kila baada ya miezi mitatu, mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vikijumlishwa vilipungua kwa asilimia 15. Lakini waliopewa dawa walikufa zaidi kwa maambukizi, kwa sababu chembe zinazokila kifuniko ni zile zile zinazotulinda na vijidudu. Kwa hiyo sindano hiyo haikuwa tiba ya kawaida ya moyo.

Kipo kipimo cha damu cha inflamesheni ambacho kwenye karatasi ya majibu huandikwa CRP. Kina faida mikononi mwa daktari, ila msomaji asijitie hofu kwa namba yake. Homa, jino bovu au kidonda cha mguu huipandisha pia, na namba hiyo haisemi moto unawaka wapi.

Yanayofuata kwa familia zetu

La kwanza ni kuhusu kijibomba cha waya kiitwacho stenti, ambacho huwekwa kuufungua mshipa. Mtu akiwa katikati ya shambulio, stenti huokoa maisha, na kila dakika ina thamani. Lakini kwa mgonjwa aliye katika hali tulivu, stenti hufungua mahali pamoja na kuacha mahali pengine vile palivyokuwa. Jaribio liitwalo COURAGE, lililochapishwa mwaka 2007 likiwa na wagonjwa 2,287 wa aina hiyo, lilionyesha kwamba kuongeza stenti juu ya dawa kamili hakukupunguza vifo wala mashambulio, ingawa kulipunguza maumivu ya kifua. Kwa hiyo anayerudi na stenti asiseme amekwisha kupona, akaacha vidonge.

La pili ni vidonge vyenyewe. Dawa za jamii ya statini hushusha lehemu mbaya, na vita ndani ya ukuta vikapungua kwa kuwa chanzo chake kimepungua. Picha zinazopigwa kwa mwanga kutoka ndani ya mshipa zimeonyesha kifuniko kikinenepa baada ya miezi ya matibabu. Mara nyingi njia haipanuki kwa kiasi cha kuonekana, na mgonjwa hasikii tofauti yoyote. Hapo ndipo wengi huacha dawa wakisema haina kazi, ilhali kazi yake inafanyika mahali wasipopaona. Dawa hizo hupunguza hatari bila kuiondoa yote; Russert alikuwa katika matibabu, na bado kifuniko chake kilipasuka. Kuacha sigara, kudhibiti shinikizo la damu na kisukari huufikia mshipa wote, pale pawili na pale ishirini kwa pamoja.

La tatu ndilo linalotuhusu sote nyumbani. Majibu safi ya jana si hoja ya kubaki nyumbani leo. Baba akisema kifua kinambana kama amewekewa jiwe, maumivu yakaenda kwenye taya au mkono, jasho la baridi likamtoka, pumzi ikamwia fupi, na hali ikadumu zaidi ya dakika kumi hivi, asiambiwe kuwa ni gesi kwa sababu alipimwa mwezi uliopita. Mama anaweza kuja na uchovu wa ghafla, kichefuchefu na pumzi fupi bila maumivu makali. Apelekwe hospitali hapo hapo, asiendeshe gari mwenyewe, na wahudumu waelezwe saa dalili zilipoanza. Kipimo cha mwezi uliopita kiliitazama njia. Huenda kilichotokea leo kimetokea ukutani.

Na tukikaa tena msibani tukaisikia kauli ile, tumwambie mjane kweli: mumewe alipimwa, na majibu yalikuwa sahihi kwa siku ile. Hapana aliyemdanganya, hapana aliyemroga, wala si yeye aliyezembea. Kisha tuwatazame ndugu na watoto wa marehemu, hasa ikiwa alikufa kabla ya uzee, tuwahimize wakapime lehemu, shinikizo na sukari, kwa sababu ugonjwa huu hutembea katika damu moja.